Kwa nini kidonda cha mdomo hurudi pahali palepale



Kuna ugonjwa mdogo wa ngozi ambao huleta maneno makubwa nyumbani kuliko maumivu yake. Ni kile kidonda kinachotoka pembeni ya mdomo. Kwanza ngozi inawasha na kuchomachoma, kisha vinatokea vipele vidogo vyenye maji, vimekusanyika pamoja kama punje za mtama. Vipele vinapasuka, vinakuwa kidonda chenye ganda, na baada ya juma moja ao siku kumi ngozi inarudi safi bila kovu. Halafu, baada ya miezi michache, kidonda kinarudi tena, mara nyingi pahali palepale.

Watu wengi husema: "Homa imetoka mdomoni." Wenye kusema Kifaransa wanakiita buto ya homa. Wanganga wanakiita herpesi ya mdomo, kwa sababu kinaletwa na virusi vinavyoitwa herpesi simpleksi, aina ya 1.

Wagonjwa wa kidonda hiki huleta maulizo matatu. La kwanza: kwa nini kinarudi? La pili, ambalo mara nyingi linaulizwa kwa sauti ya chini: nani amenipa? La tatu: kwa kuwa homa imetoka mdomoni, je, sasa nimepona? Majibu yote matatu yanatoka katika jambo moja. Virusi hivi haviji upya kutoka inje kila mara. Vimo ndani ya mwili, vimelala, na kuna mambo yanayoviamsha.

VIRUSI VINAINGIA LINI?

Kwa watu wengi vinaingia wakati wa utoto. Shangazi mwenye kidonda anambusu mtoto, mama anaonja uji na kumlisha mtoto kwa kijiko kilekile, watoto wanapokezana muwa uliotafunwa. Virusi vinapita katika mate na katika maji ya kidonda. Mtoto anaweza kupata homa, ufizi ukavimba na mdomo ukajaa vidonda kwa juma moja ao mawili, mpaka anakataa kula. Lakini watoto wengi hawaonyeshi dalili yoyote, na wazazi hawajui kwamba kitu kimeingia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 wenye umri chini ya miaka 50 wana virusi hivi, maana yake karibu watu 64 katika kila 100 duniani. Katika Afrika hesabu iko juu kuliko hiyo. Kwa hiyo, msomaji mwenye mdomo mzuri usiokuwa na alama, usijione mbali na habari hii. Huenda unavyo pia, ila kwako havijaamka kamwe. Wale wanaotokwa na vidonda mara kwa mara ni sehemu ndogo tu ya wale wenye virusi.

VINALALA WAPI?

Vinapoingia katika ngozi ya mdomo, virusi vinaongezeka pale kwanza. Kisha vinaingia katika ncha za neva, yaani zile nyuzi nyembamba zinazopeleka habari za maumivu, joto na baridi kwenye ubongo. Vinapanda ndani ya uzi wa neva kama mtu anayepanda handaki, mpaka vinafika kwenye fundo la neva ya uso. Fundo hilo liko ndani ya kichwa, kwenye sakafu ya fuvu, mbele kidogo ya sikio. Kuna moja upande wa kulia na moja upande wa kushoto.

Pale ndipo vinalala. Haviongezeki, haviumizi, havitengenezi karibu kitu chochote. Kinachobaki ni maandishi yao ya urithi tu, yamekunjwa kama duara ndani ya kiini cha seli ya neva. Askari wa mwili wanazunguka kila siku wakitafuta adui, lakini adui aliyenyamaza ni vigumu kumwona. Tena seli ya neva si kama seli ya ngozi. Seli ya ngozi ikiharibika inatupwa na nyingine inaota, lakini seli ya neva tuliyo nayo ni ya maisha. Mwili hauwezi kuzichoma nyumba hizo ili kumfukuza mpangaji mbaya. Kwa hiyo unamwacha alale na unaweka walinzi mlangoni.

Jambo hili lilijulikana polepole. Mwaka 1905 mpasuaji Mwamerika Harvey Cushing aliandika juu ya wagonjwa wenye maumivu makali ya uso ambao aliwapasua na kugusa neva hiyo. Baada ya upasuaji, baadhi yao walitokwa na vipele vya herpesi usoni. Kisu kilikuwa kimegusa fundo lililo ndani ya kichwa, lakini kidonda kilitoka kwenye ngozi. Mwaka 1929 munganga mwingine Mwamerika, Ernest Goodpasture, alisema kwamba virusi lazima viwe vinakaa katika fundo hilo. Katika miaka ya 1970 wataalamu walichukua mafundo ya neva kutoka kwa watu waliokufa kwa magonjwa mengine, wakayalisha katika maabara, na virusi vya herpesi vikaamka na kutoka. Walikuwa watu ambao midomo yao haikuwa na kidonda siku ya kufa.

Sasa unaelewa kwa nini kidonda hurudi pahali palepale. Virusi vinaposhuka vinafuata uzi uleule wa neva, na uzi ule unaishia sehemu ileile ya mdomo.

NI NINI KINACHOVIAMSHA?

Mambo yanayojulikana vizuri ni haya: homa ya ugonjwa mwingine, jua kali juu ya mdomo, jeraha la mdomo ao kung'olewa jino, uchovu mkubwa na mawazo mazito, na kwa baadhi ya wanawake siku zao za mwezi. Lakini si kila jambo linaamsha kwa kila mtu. Ni lazima mtu ajue lake mwenyewe, na njia ya kulijua ni kuandika tarehe.

Tuchukue mfano wa mchimbaji wa chini ya ardhi mwenye nyumba yake Majengo, hapa Goma. Anafanya kazi majuma sita porini, kisha anapata konje ya majuma mawili. Safari ya kurudi nyumbani ni siku mbili juu ya kamyo. Mara mbili alipofika nyumbani, kidonda kilitoka kwenye mdomo wa chini, upande wa kushoto. Mke wake akaona hesabu ni rahisi: kule kwenye machimbo mdomo mzima, akifika nyumbani kidonda. Akamuuliza, "Baba watoto, hicho umekitoa kwa nani?" Bwana naye akawaza kinyume: kule mdomo mzima, nyumbani kidonda, basi labda kimetoka kwa mama. Nyumba ikaanza kuwa na baridi.

Angalieni tarehe zake katika mwaka mmoja.

Tarehe 5 na 6 ya mwezi wa pili alikuwa juu ya kamyo, jua kali, bila kofia. Tarehe 9 mdomo ulianza kuwasha, na tarehe 10 vipele vilitoka.

Tarehe 19 ya mwezi wa nne, akiwa machimboni, alipata homa na baridi ya kutetemeka. Kipimo kilionyesha malaria. Tarehe 21 kidonda kilitoka palepale, mdomo wa chini upande wa kushoto. Mke wake alikuwa mbali kabisa.

Tarehe 31 ya mwezi wa saba na tarehe 1 ya mwezi wa nane alikuwa tena juu ya kamyo, wakati wa kiangazi, vumbi na jua. Tarehe 4 kidonda kilitoka.

Katika mwezi wa kumi na moja alirudi nyumbani tena. Safari ilikuwa ileile, uchovu uleule, kukosa usingizi kulekule, na nyumbani mke yuleyule. Lakini mvua ilinyesha siku zote mbili na abiria walikaa chini ya hema la kamyo. Mdomo ulibaki mzima.

Tarehe hizi zinasema nini? Kwa mtu huyu kuna waamshaji wawili: homa na jua. Mchimbaji wa chini ya ardhi hukaa majuma mengi bila mdomo wake kupigwa na jua la mchana, kisha kwa ghafula anapata siku mbili nzima. Goma iko karibu na mstari wa ikweta, kwa urefu wa karibu metre 1,500 juu ya bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo miale ya jua inayochoma ngozi inavyozidi. Hata mawingu mepesi yanaipitisha. Miale hiyo inafanya mabaya mawili. Inaumiza ngozi na ncha za neva, na hiyo ni kengele inayofika mpaka kwenye fundo. Tena inapunguza nguvu za walinzi wa ngozi ya mdomo kwa siku chache. Ndiyo sababu kidonda cha jua hakitoki saa ileile bali kwa kawaida siku 2 mpaka 7 baadaye, wakati mtu amekwisha kusahau jua lenyewe na anatafuta mwenye kosa nyumbani.

Safari moja ya mvua haitoshi kuwa ushahidi kamili, lakini inaonyesha njia ya kujaribu. Kofia ngumu ya kazini ina ukingo mfupi na haifuniki mdomo wa chini. Katika safari vaa kofia yenye ukingo mpana, jifunge kitambaa, na upake mdomo pomadi ya kuzuia jua, ile yenye zinki oksidi ao yenye alama ya kinga ya jua, na kuirudilia baada ya kula na kunywa. Fanya hivyo safari tatu ao ine na kuandika. Kwa mtu ambaye jua ndilo mwamshaji wake, vidonda vitapungua. Kwa mtu ambaye mwamshaji wake ni homa ao mawazo, pomadi ya jua haitamsaidia.

Na kwa neno la bwana na bibi jibu ni hili. Kidonda kidogo kinachorudi pahali palepale pembeni ya mdomo ni virusi vya zamani vilivyoamka. Hakionyeshi kwamba mtu ametembea inje, wala hakionyeshi kwamba hakutembea. Hakisemi lolote juu ya jambo hilo. Mtu mzima anayepata virusi kwa mara ya kwanza kwa kawaida huugua kwa namna nyingine: vidonda vingi ndani ya mdomo na ufizi, homa, na matezi ya shingo kuvimba.

SIKU ZA KIDONDA NA SAA YA DAWA

Wakati kengele imelia katika fundo, virusi vinaanza kutengeneza nakala zao na kushuka katika uzi wa neva. Vinapofika kwenye ngozi, mtu anasikia mwasho, joto ao kuchomachoma, na bado hakuna kitu cha kuona kwenye kioo. Hali hiyo inadumu saa chache, mara nyingine siku nzima. Kisha ngozi inakuwa nyekundu na vipele vya maji vinatoka. Siku ya pili ao ya tatu vinapasuka na maumivu ni makali kuliko siku zote. Siku ya ine ao ya tano ganda linafunika. Kati ya siku ya 7 na ya 10 kimekwisha.

Dawa yenyewe inaitwa asikloviri. Kazi yake ni kuzuia virusi visitengeneze nakala. Fikirini basi: nakala nyingi zinatengenezwa katika siku ya kwanza. Mtu anayekuja dispansere siku ya ine, mwenye ganda mdomoni, amechelewa. Mwili wake umekwisha kufanya kazi. Mtu anayeanza dawa wakati wa mwasho, kabla ya vipele, ndiye anayefaidika.

Pomadi ya asikloviri ya asilimia 5 hupakwa mara 5 kwa siku, kwa siku 4 ao 5. Nawa mikono mbele na nyuma ya kupaka. Tusidanganyane: pomadi hii inapunguza ugonjwa kwa nusu siku tu ao siku moja. Vidonge vinasaidia zaidi kidogo, na ni munganga ao infirmye anayetoa kipimo chake. Kwa mtu anayetokwa na kidonda mara sita ao zaidi kwa mwaka, munganga anaweza kumpa vidonge vya kumeza kila siku kwa miezi kadhaa ili kuzuia. Lakini hakuna dawa, ya duka wala ya kienyeji, inayoviondoa virusi katika fundo la neva. Anayekuuzia dawa ya kuvimaliza kabisa anauza maneno.

Kuna vitu vya kuacha. Antibiotiki haiui virusi. Inafaa tu kama mikrobi wengine wameingia na kidonda kinatoa usaha. Pomadi zenye kortizoni, pamoja na nyingi za zile za kung'arisha ngozi zinazouzwa sokoni, zinawalaza walinzi wa ngozi na kidonda kinapanuka. Dawa ya meno, chumvi na ndimu zinachoma ngozi iliyokwisha kuumia. Kwa maumivu parasetamoli inatosha, na mafuta meupe ya vazelini yanazuia ganda lisipasuke.

HOMA HAIKUTOKA

Sasa tunafika kwenye ulizo la tatu, na hapa ndipo maisha yanaweza kupotea.

Yule mchimbaji wetu alipotokwa na kidonda siku ya tatu ya malaria, rafiki zake wangeweza kumwambia, "Pole, lakini shukuru, homa imetoka." Neno hilo linamfanya mtu alale nyumbani akingoja nguvu zirudi. Lakini homa haikutoka popote. Homa ndiyo iliyopiga kengele, na virusi vikaamka. Kidonda ni alama kwamba mwili ulichomwa na homa. Hakisemi kwamba kilicholeta homa kimeondoka. Vimelea vya malaria viko bado katika damu vikiongezeka.

Wafanyakazi wanaorudi Goma kutoka mabonde yenye msitu na joto wakumbuke kwamba malaria mbaya huonekana kwa kawaida siku 7 mpaka 14 baada ya kuumwa na mbu. Mtu anaweza kuumwa na mbu machimboni na kupata homa akiwa ameketi katika nyumba yake Majengo. Akiona kidonda mdomoni na kusema homa imetoka, anapoteza siku mbili ao tatu, na kwa malaria mbaya siku hizo ni nyingi, zaidi kwa mtoto na kwa mama mwenye mimba.

Si malaria peke yake. Tangu zamani wanganga wameona kidonda hiki kwa wagonjwa wa pnemonia na wa homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo kanuni ni moja. Kidonda cha mdomo bila homa ni jambo la ngozi, kiangalie nyumbani. Kidonda cha mdomo pamoja na homa ni jambo la damu, mapafu ao ubongo mpaka vipimo vionyeshe vingine. Njoo upimwe malaria siku ileile. Kama kuna kikohozi na kupumua kwa haraka, ao shingo ngumu na kichwa kikali, usingoje asubuhi.

MTOTO MCHANGA NA JICHO

Tangu mwasho wa kwanza mpaka ganda lianguke, maji ya kidonda yamejaa virusi. Kwa mtu mzima mwenye afya hilo si jambo kubwa, na wengi tayari wanavyo. Lakini kuna pahali pawili ambapo virusi hivi vinafanya maafa.

Pa kwanza ni mtoto mchanga, zaidi katika majuma sita ya kwanza. Walinzi wake bado hawajui kazi. Virusi vikimwingia vinaweza kufika kwenye ini na kwenye ubongo, na mtoto anaweza kufa ao kubaki na kilema. Baba anayerudi kutoka machimboni na kidonda mdomoni, akute mtoto amezaliwa, ana hamu ya kumbusu. Asimbusu. Anawe mikono kwa sabuni, afunike mdomo kwa maski safi, amshike, amwimbie, lakini midomo ikae mbali. Majirani na mashangazi wanaokuja kumwona mtoto wafuate vilevile, na mama asione haya kuwakataza. Mama mwenyewe akiwa na kidonda mdomoni aendelee kunyonyesha, maana maziwa hayapitishi virusi hivi. Afunike mdomo na kunawa mikono. Akiwa na vipele kwenye ziwa, asinyonyeshe kwa ziwa hilo mpaka lipone. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya, mwenye homa, anayelegea ao kutokwa na vipele, apelekwe hospitali mara moja.

Pa pili ni jicho. Fundo lilelile linapeleka neva kwenye mdomo na kwenye jicho. Tena katika mji wetu wa vumbi la volkano, mtu anagusa mdomo kisha anasugua jicho bila kufikiri. Herpesi ya jicho inaleta wekundu, maumivu, machozi na kuogopa mwanga, mara nyingi jicho moja tu. Kioo cha jicho kinapata kidonda, na kikirudi mara kwa mara kinaacha kovu jeupe na upofu. Wengi hukimbilia farmasi kununua matone ya deksametazoni kwa sababu yanaondoa wekundu haraka. Kwa jicho lenye herpesi matone hayo ni hatari: wekundu unapungua wakati virusi vinachimba kioo cha jicho. Jicho jekundu linalouma, usilitie tone lolote kabla ya kuonwa na munganga wa macho.

Kazini, kila mtu awe na maski yake ya vumbi, kopo lake na filimbi yake. Nyumbani na barazani, mwenye kidonda asitumie mrija mmoja na wenzake katika kunywa kasiksi, wala kupokezana sigara. Wake na waume wajue pia kwamba mdomo wenye kidonda unaweza kupeleka virusi kwenye sehemu za siri za mwenzako. Siku hizo ngojeni.

KIDONDA KISICHOFANANA

Mwishoni, si kila kidonda cha mdomo ni herpesi. Tangu mwaka 2023 watu wa Kivu wanaujua ugonjwa wa mpoksi, ule ulioitwa homa ya nyani. Aina mpya ilitambuliwa kutoka Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika Kivu ya Kusini, na katika mwaka 2024 ilifika katika kambi za wakimbizi karibu na Goma. Mpoksi unaweza pia kuanza mdomoni. Lakini vipele vyake ni vikubwa zaidi, vigumu, vimezama katika ngozi, vingi vina shimo katikati, na vinaonekana pia usoni, mikononi, kwenye nyayo ao sehemu za siri, pamoja na homa na matezi yaliyovimba. Herpesi inayorudi inabaki kifungu kidogo, pahali pake pa kila siku. Ukiona kipele kimeanza kusafiri mwilini, usiende kazini, mwite infirmye.

Tena, kidonda cha mdomo kisichopona katika majuma mawili kionwe na munganga. Kikipita mwezi mzima, kikipanuka na kuchimba, inaweza kuwa alama kwamba walinzi wa mwili wamedhoofika sana, na munganga ataomba kipimo cha virusi vya sida.

Wewe mwenye kidonda kinachorudi, chukua kalenda ya ukutani. Weka alama siku ya mwasho wa kwanza. Kisha hesabu nyuma siku saba na uandike yaliyopita katika siku hizo: homa, safari ya jua, jino, zamu za usiku, msiba. Ukija dispansere, leta kalenda hiyo, na uje siku ya mwasho, usingoje ganda.